Kilomita sita za mwisho: kisa cha mkimbiaji wa nusu marathoni aliyeongezwa mazoezi ya vyuma

Usuli

Kisa hiki kinamhusu mwanariadha ninayemfundisha katika mji mmoja wa kaskazini mwa Tanzania. Nitamwita N. Jina, klabu, mashindano na jimu nimeviondoa, na baadhi ya mambo yasiyobadilisha fundisho nimeyageuza kidogo ili asitambulike. Amekubali kisa chake kiandikwe.

N. ana miaka 29, uzito wa kilo 54, na ni mwalimu wa shule ya msingi. Alikuwa na miaka sita ya mazoezi ya kueleweka. Alikimbia siku sita kwa wiki, jumla ya kilomita 82 hivi: Jumanne mazoezi ya kasi uwanjani, Alhamisi mwendo wa kati wa kudumu, Jumamosi mbio ndefu, siku nyingine pole pole. Jumapili alipumzika na kwenda kanisani. Muda wake bora wa nusu marathoni ulikuwa 1:23:40.

Muda huo ulinisumbua. Mtu anayekimbia kilomita 10 kwa dakika 36 na sekunde 50, kama yeye, anapaswa kukaribia 1:21 na nusu kwenye nusu marathoni. Nilipochukua saa yake na kuikata mbio vipande, jibu lilikuwa wazi. Kilomita 15 za kwanza alizikimbia kwa dakika 3 na sekunde 51 kila moja. Sita na kidogo zilizobaki alishuka hadi dakika 4 na sekunde 15. Pumzi haikuwa shida. Mwenyewe alisema, "Mwalimu, pumzi ninayo, ila miguu haitoki chini." Kwenye video niliyompiga karibu na mwisho nyonga zilikuwa zimeshuka na mguu wa kushoto ulikaa chini muda mrefu kuliko mwanzoni.

Alikuwa pia na historia ya kano ya kisigino cha kushoto, iliyokuwa ikimwamsha ikiwa imekaza kila alipoongeza kilomita.

Vipimo tulivyoanza navyo

Hatuna maabara ya kupima oksijeni. Tukachagua vipimo viwili ambavyo kocha yeyote mwenye saa ya michezo anaweza kuvifanya.

Cha kwanza ni kilomita 6 kwenye barabara ya tambarare ile ile, saa kumi na mbili asubuhi, viatu vile vile, kwa mwendo wa dakika 4 na nusu kwa kilomita bila kuzidi wala kupungua. Tunaandika wastani wa mapigo ya moyo wa kilomita tatu za mwisho. N. alipata 158. Cha pili ni kusimama kwa mguu mmoja, goti limenyooka, vidole vya mkono vikigusa ukuta kwa ajili ya mizani tu, na kuinua kisigino hadi juu kabisa mara nyingi uwezavyo. Mguu wa kulia alifika 24. Wa kushoto aliishia 14.

Tofauti hiyo ya mara kumi ilinifanya niache kujiuliza kama anahitaji mazoezi ya nguvu. Nikabaki na swali la ni ya aina gani.

Jaribio la kwanza: wiki sita zilizopotea

Nililijibu vibaya. Nilimpa mzunguko ambao makocha wengi wa huku tumerithishana: vyuma vyepesi vya kilo 5 hadi 10, marudio 20 kwa kila zoezi, mizunguko mitatu, mapumziko machache, halafu kurukaruka kama mara mia. Aliufanya Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, kwa sababu siku hizo "zilikuwa wazi".

Sababu zangu wakati ule zilikuwa mbili. Niliamini mkimbiaji wa mbio ndefu anahitaji marudio mengi kwa kuwa mbio zenyewe ni hatua nyingi. Na yeye mwenyewe aliogopa kunenepa misuli. Alikuwa amewaona wanaume wa pale jimu na hakutaka kubeba kilo mbili za ziada hadi kilomita ya 21.

Dalili zilianza wiki ya tatu. Jumanne uwanjani, mita 1,000 alizozoea kumaliza kwa 3:35 zilianza kuchukua 3:40, kisha 3:43, huku akijituma zaidi. Nililaumu usingizi. Nikalaumu na ratiba ya mitihani ya shule. Wiki ya tano kisigino cha kushoto kikaanza kuuma hatua za kwanza anapotoka kitandani, na mwisho wa wiki ya sita nikasimamisha kila kitu. Kipimo cha kilomita 6 kilitoa mapigo 159. Kwa maneno mengine, wiki sita za jasho hazikumpa chochote, na zilikuwa zimeanza kumnyang'anya kasi.

Ukiitazama ile ratiba leo kosa linaonekana mara moja: hakukuwa na siku hata moja nyepesi kati ya Jumatatu na Jumamosi. Miguu ilikuwa inafika uwanjani Jumanne ikiwa imechoka kwa zoezi ambalo lenyewe lilikuwa dogo mno kumjenga.

Uamuzi wa pili na sababu zake

Kabla ya kuandika ratiba mpya nilirudi kwenye jambo lenyewe: kwa nini nguvu impunguzie mkimbiaji gharama ya mwendo?

Chukua magari mawili yenye injini sawa. Moja linakula mafuta mengi kwa safari ile ile, jingine kidogo. Kwa wakimbiaji, mafuta hayo ni oksijeni. Uchumi wa mbio ni kiasi cha oksijeni ambacho mwili unatumia kwa mwendo fulani. Wawili wanaweza kuwa na mapafu na moyo wa uwezo mmoja, lakini yule anayetumia kidogo kwa dakika 4 kwa kilomita ndiye atakayebaki na akiba.

Sehemu kubwa ya uchumi huo iko chini ya goti. Mguu unapotua, kano ya kisigino inavutika kama mpira wa manati, kisha inarudi na kumsukuma mkimbiaji mbele. Nguvu hiyo ya kurudi ni karibu ya bure. Lakini manati haifanyi kazi kama kijiti chake kinalegea. Kijiti hapa ni misuli ya kigimbi: inatakiwa ishike imara, ibadilike urefu kidogo sana, ili kuvutika kote kufanywe na kano. Misuli dhaifu inanyooka na kulazimika kujikunja upya kila hatua, na huko ndiko oksijeni inakoliwa. N. alipiga hatua kama 180 kwa dakika. Kwa dakika 83 hizo ni karibu hatua elfu 15, nusu yake kwenye mguu wa kushoto ambao haukuweza kumwinua hata mara 15.

Kuna sababu ya pili, nayo inahusu uchovu. Kama kila hatua inahitaji sehemu kubwa ya nguvu zako zote, mwili utalazimika kuita nyuzi za misuli zenye nguvu lakini zinazochoka haraka na kula sana. Ukiongeza nguvu ya juu kabisa, hatua ile ile inakuwa sehemu ndogo ya uwezo wako, na nyuzi zile zinabaki zimetulia mpaka baadaye. Ndiyo maana faida huonekana zaidi kilomita za mwisho kuliko za mwanzo.

Sasa, kano hukazika na mishipa ya fahamu hujifunza kuita misuli mingi kwa pamoja pale mzigo unapokuwa mkubwa. Kilo 5 mara 20 haifanyi hivyo. Inachosha tu kwa namna ambayo mbio zenyewe tayari zinachosha. Utafiti wa Norwe wa mwaka 2008 uliwapa wakimbiaji wazoefu mazoezi ya kuchuchumaa nusu na chuma kizito, seti 4 za marudio 4, mara tatu kwa wiki kwa wiki 8. Uchumi wao ulipanda kwa asilimia 5, uzito wa mwili haukubadilika, na uwezo wa juu wa kutumia oksijeni ulibaki pale pale. Miaka tisa kabla, Wafini walikuwa wamefupisha muda wa kilomita 5 wa wakimbiaji wao kwa wiki 9 za mazoezi ya kutoa nguvu kwa ghafla, kuruka na spidi fupi, nao pia bila uwezo huo wa oksijeni kupanda. Wafini hawakuyarundika mazoezi hayo juu ya mbio: waliyaweka mahali pa karibu theluthi moja ya mazoezi yote.

Nilimsomea N. hayo yote, hasa lile la uzito. Marudio manne au matano, mara mbili kwa wiki, kwa mtu anayekimbia kilomita 75, hayana wingi wa kutosha kunenepesha misuli. Alikubali kwa sharti moja: tupime uzito kila Jumatatu, na ukipanda kilo moja na nusu tunaacha. Niliona ni sharti la haki.

Wiki ilivyopangwa

Badiliko kubwa lilikuwa mahali pa kuweka vyuma, kabla hata ya vyuma vyenyewe. Niliviondoa siku nyepesi na kuvirundika siku ngumu, baada ya mbio. Siku ngumu ikawa ngumu kweli, nyepesi ikawa nyepesi kweli.

Jumanne alikimbia uwanjani saa kumi na mbili asubuhi, akaenda kazini, akala chakula cha mchana shuleni, kisha saa kumi jioni akaingia jimu. Muda wa saa nane au tisa hivi katikati, pamoja na sahani ya wali na maharage, ulitosha miguu kurudi. Mbio zilitangulia kila mara kwa sababu mbio ndizo tunazoshindania. Kama kitu kitaharibika kwa uchovu, bora kiwe chuma.

Zoezi kuu la Jumanne lilikuwa skwati, yaani kuchuchumaa na kuinuka, na chuma mabegani, seti 4 za marudio 5, kwa uzito ambao angeweza kuufanya mara 6 au 7 lakini anaacha kwenye 5. Kati ya seti alipumzika dakika 3 nzima. Hili lilimshinda mwanzoni, maana mkimbiaji akikaa dakika tatu anaona anaiba muda. Lakini pumziko likifupishwa zoezi linarudi kuwa la pumzi. Baada ya skwati aliinama kutoka nyongani akiwa na chuma mikononi, mgongo umenyooka, seti 3 za 6, kwa ajili ya misuli ya nyuma ya paja. Akamalizia na kuinua visigino mguu mmoja mmoja, ameshika uzito mkononi, seti 3 za 8, kupanda polepole na kushuka polepole zaidi.

Alhamisi jioni ilikuwa fupi, dakika 30: kupanda sanduku kwa mguu mmoja akiwa na uzito, na kuinua visigino goti likiwa limekunjwa. Goti lililokunjwa hupeleka kazi kwenye msuli wa ndani wa kigimbi, ambao ndio unaobeba mzigo mwingi mkimbiaji anapotua. Siku hii niliiweka nyepesi kwa makusudi, kwa sababu maumivu ya misuli hukomaa siku ya pili, na siku ya pili baada ya Alhamisi ni Jumamosi ya mbio ndefu.

Nilipunguza pia kilomita 7 za pole pole kwa wiki. N. hakulipenda hilo hata kidogo. Kwake kilomita 82 zilikuwa heshima. Tulibishana, na nikashinda kwa kumwonyesha zile mita 1,000 za 3:43.

Mfululizo wa wiki kumi na mbili

Wiki mbili za kwanza alitumia mtalimbo mtupu wa kilo 20, kujifunza tu kushuka bila magoti kuangukia ndani. Wiki ya tatu tuliweka kilo 30. Tuliongeza kilo mbili na nusu hadi tano kila alipomaliza seti zote nne bila umbo kuvunjika, na wiki ya kumi na mbili alikuwa kwenye kilo 57 na nusu.

Kisigino tulikiongoza kwa kanuni moja. Maumivu hadi 3 kati ya 10 wakati wa zoezi yanaruhusiwa, lakini kesho yake asubuhi, hatua za kwanza kutoka kitandani, yasiwe yamezidi ya jana. Mara mbili yalizidi, na mara zote mbili tulirudisha uzito nyuma hatua moja bila kuacha zoezi. Kuruka hakukuwepo kabisa hadi wiki ya saba, baada ya asubuhi kumi mfululizo bila kukaza. Ndipo tukaanza, Alhamisi, kuruka kidogo kidogo kwa vifundo vya miguu, magoti karibu yamenyooka, mguso wa chini mfupi kama unakanyaga mkaa. Seti 4 za 10, si mia.

Wiki ya nane mambo yaliyumba. Shule ilikuwa na kikao Jumanne, jimu ikamkosa, naye kwa hiari yake akafanya skwati nzito Ijumaa jioni. Jumamosi alitakiwa kukimbia kilomita 27. Alisimama ya 19, miguu mizito kama imejaa mchanga, akanipigia simu akiwa amekaa kando ya barabara. Hakukuwa na jeraha. Ulikuwa ni uzito ule ule na zoezi lile lile, limehamishwa siku tatu tu. Tangu hapo tukawa na utaratibu: Jumanne ikikosekana, skwati zinahamia Alhamisi badala ya zile nyepesi, au zinaachwa kabisa wiki hiyo.

Skwati nzito ya mwisho ilikuwa siku 10 kabla ya mashindano. Wiki ya mashindano alifanya seti mbili nyepesi na kuruka kidogo Jumanne, basi.

Matokeo

Kipimo cha kilomita 6 wiki ya kumi na moja: mapigo 152, kutoka 158. Kuinua kisigino: kulia 29, kushoto 26. Uzito wa mwili ulipanda gramu 400, kisha ukarudi.

Kwenye njia ile ile ya mashindano, mwaka mmoja baadaye, alimaliza kwa 1:21:41. Kilomita 15 za kwanza alizikimbia kwa wastani wa dakika 3 na sekunde 50, yaani karibu sawa na mwaka uliopita. Zilizobaki alizikimbia kwa 3:58. Sehemu ya mwanzo ilimpa sekunde 15 tu. Dakika nzima na sekunde arobaini na kitu zilitoka mwishoni.

Uchambuzi

Lazima niseme mipaka kwanza. Huyu ni mtu mmoja. Asubuhi ya mashindano ilikuwa na mawingu, mwaka uliotangulia jua lilichomoza mapema. Alikuwa na mwaka mzima zaidi wa mbio miguuni, na kilomita tulizompunguzia huenda zilimpumzisha. Mapigo ya moyo pia si oksijeni: joto, kulala vibaya, hata chai nyingi huyabadilisha. Ndiyo maana sidai kwamba dakika zote mbili ni za vyuma.

Kinachonifanya niamini kwamba vyuma vilichangia sana ni mahali ambapo muda ulipatikana. Kama ni hali ya hewa au mapafu, ningetarajia afaidi tangu kilomita ya kwanza. Yeye alifaidi pale hasa alipokuwa anaanguka, na video ya kilomita ya 19 inaonyesha nyonga zimebaki juu. Pia ulinganisho wa vipindi viwili unasaidia: mtu yule yule, jimu ile ile, na wiki sita za kwanza hazikusogeza kipimo hata pigo moja chini.

Kati ya mabadiliko yote, naupa mpangilio wa wiki uzito kuliko zoezi lolote. Ile Ijumaa ya wiki ya nane ilithibitisha hilo bila sisi kukusudia. Kocha anayeniuliza ni zoezi gani bora, siku hizi namuuliza kwanza Jumatano ya mwanariadha wake ikoje. Kama kuna chuma Jumatano na kasi Alhamisi, zoezi bora halitamsaidia.

La pili ni kuanza na uzito wa polepole kabla ya kuruka. Katika jaribio la kwanza niliirusha mara mia kano iliyokuwa tayari inalalamika. Kuruka ni dawa nzuri ya uchumi wa mbio, lakini kwa kano iliyo tayari. Wiki sita za visigino vizito ndizo zilizoitayarisha, na kama N. asingekuwa na historia ya kisigino huenda ningeanza wiki ya tatu au ya nne.

Nilichokosea ni kutopima katikati. Nilifanya kipimo cha kilomita 6 mwanzo na mwisho wa kila kipindi tu. Laiti ningekirudia kila wiki ya tatu, jaribio la kwanza lingekufa wiki ya tatu, siyo ya sita, na kisigino kisingefika kuuma. Pia sikuandika maumivu ya asubuhi kwenye daftari hadi kipindi cha pili. Kwa hiyo siwezi kusema kwa hakika yalianza siku gani.

Na jambo moja bado halijafungwa. Kushoto kumefika 26 lakini kulia ni 29, na baada ya mbio za zaidi ya kilomita 25 N. bado anaamka na mkazo kidogo unaoisha akishafika bafuni. Msimu huu anafanya skwati mara moja tu kwa wiki, Jumanne, seti 3, jambo linalotosha kutunza nguvu aliyokwisha kuijenga. Visigino tumeviacha mara mbili kwa wiki, na mguu wa kushoto una seti moja ya ziada.